Maneno ya Kuweka Chini ya Picha ya Mvua Dirishani: Utenzi, Tathnia, Shairi Huru au Msemo wa Kanga?

Picha yenyewe tuichukulie hivi. Ni mwezi wa Aprili, masika yamekolea Tanga, na mtu yuko chumbani ghorofani, Ngamiani. Amesogeza simu hadi kama sentimita 10 kutoka kwenye kioo cha dirisha la alumini, akagusa tone moja kwenye skrini ili kamera ililenge, akapiga. Matone yametoka makali. Nyuma yake kila kitu kimefifia: kuna kijani cha mwembe, kuna ukuta, na kuna baiskeli iliyoegemezwa ambayo linaonekana gurudumu lake tu. Upande wa kushoto tone moja limeteremka na kuacha mchirizi.

Sasa anataka mistari michache ya kuweka chini yake. Hapo ndipo watu hukwama, na mara nyingi si kwa kukosa maneno. Hukwama kwa sababu hawajachagua umbo. Mstari wa kwanza unakuja kama utenzi, wa pili unatoka kama barua, wa tatu ni msemo wa kanga, na picha inabaki bila maneno hadi mvua inakatika.

Hapa chini yamo maumbo manne kwa picha hiyo hiyo moja. Matatu yana mengi ya kuelezwa. La nne ni fupi, na maelezo yake ni mafupi pia.

Mambo ya kupimia

Kwanza, kamera imelenga wapi. Picha ya mvua dirishani huwa na vitu viwili vinavyogombea jicho: matone yaliyo juu ya kioo na dunia iliyo nyuma yake. Simu haiwezi kuvipa vyote ukali sawa ikiwa karibu na kioo. Maneno yafuate kile kilicho kikali. Ukiandika habari za barabara wakati barabara ni ukungu wa rangi, msomaji atatafuta asichokiona.

Pili, upana wa skrini. Mshororo wa mizani 8 una herufi 20 hivi na unakaa kwenye mstari mmoja wa simu yoyote. Wa mizani 16 una herufi 40 na kitu, na simu iliyowekewa maandishi makubwa itaukata popote ipendapo. Instagram nayo huonyesha mistari michache ya mwanzo tu, iliyobaki inafichwa mpaka mtu aguse.

Tatu, kosa linaonekana kiasi gani. Katika shairi la beti 12, mshororo mmoja uliopungua mizani unaweza kupita. Katika ubeti mmoja peke yake chini ya picha, hauna pa kujificha.

Nne, nani atasoma. Hilo nitaliacha hadi mwisho, isipokuwa kwenye kanga, ambako ndilo jambo lenyewe.

Kabla ya kuchagua: hesabu ya mizani na neno "mvua"

Mizani ni silabi zinazotamkwa, na kwa maneno mengi ya Kiswahili ni rahisi kuzihesabu kwa vidole: di-ri-sha ni 3, ki-o-o ni 3, ma-to-ne ni 3. Taabu huja kwenye m na n zinazotangulia konsonanti. "Mlango" ni m-la-ngo, mizani 3, kwa sababu m inatamkwa peke yake. "Ndani" ni nda-ni, mizani 2, kwa sababu n imeshikana na d. Neno "nje" ni fupi lakini lina mizani 2, n-je, maana bila hiyo n kusimama peke yake sauti haina pa kuweka mkazo.

"Mvua" ndilo neno linalosumbua zaidi hapa. Kwa matamshi ni mvu-a, mizani 2, m na v zikiwa zimeshikana kama zilivyo mb katika "mbele". Lakini utakutana na wasomaji wanaolikata m-vu-a, mizani 3, kwa kulifananisha na "mvuvi", ambalo kweli ni m-vu-vi. Ukiliweka katika mshororo wa mizani 8, kuna mtu ataandika chini kwamba umezidisha.

Dawa yake ni nyepesi kuliko ubishi: usilitaje. Picha tayari inaonyesha mvua. Ukisema "mvua inanyesha" chini ya picha ya mvua inayonyesha umetumia nusu ya nafasi yako kurudia kilichoonwa. Chukua tone, matone, mchirizi, manyunyu, rasharasha, masika. Yote yanahesabika bila mzozo, na kila moja lina maana yake: rasharasha si masika, na msomaji wa pwani anajua tofauti yake bila kuelezwa.

1. Ubeti wa utenzi

*Unavyojengwa.* Mishororo 4, kila mmoja mizani 8. Mitatu ya kwanza inaishia kwa kina kimoja, wa nne unaishia kwa kina kingine. Katika utenzi mrefu kina hicho cha mwisho ndicho kinachorudi kila ubeti. Kwenye picha una ubeti mmoja tu, kwa hiyo kinabaki kama mlango unaofungwa kwa sauti tofauti.

Tuujenge kwa picha yetu. Jambo lililo kali pichani ni tone lililoteremka. Anza na sentensi ya kawaida: "Tone moja linajitenga." Hesabu: to-ne mo-ja li-na-ji-te-nga, ni 9. Tumia wakati wa -a-, "lajitenga", nawe umefika 8 bila kuumiza lugha. Kina ni -nga, na Tanga inajileta yenyewe. Mshororo wa pili: "kwenye kioo cha Tanga", 2 na 3 na 1 na 2, jumla 8. "Kwenye dirisha la Tanga" nao ungetosha kwa hesabu, ila tone limekaa juu ya kioo, na dirisha lina fremu, nondo na wavu ambavyo havipo pichani. Wa tatu: tone haliteremki moja kwa moja, linapinda kila linapokuta tone jingine. Kitenzi cha hapo ni kutanga, yaani kuzunguka huku na huko, na kinabeba jina la mji ndani yake: "lashuka huku latanga", 3 na 2 na 3.

Wa nne ulikuja hivi: "baiskeli yaningoja". Ukihesabu ba-i-ske-li una 4, na yaningoja 4, jumla 8. Lakini ile s iliyoning'inia wengine huipa mizani yake, ba-i-s-ke-li, na mshororo unakuwa 9. Tumerudi kwenye mzozo wa "mvua". Ukitazama picha tena, baiskeli nzima haionekani, linaonekana gurudumu. Gu-ru-du-mu ni 4 bila ubishi.

Tone moja lajitenga
kwenye kioo cha Tanga,
lashuka huku latanga;
gurudumu laningoja.

*Unabeba nini.* Mwendo. Mishororo mitatu yenye kina kimoja inasukumana kama tone linavyosukumana na njia yake, kisha wa nne unageuka na kuonyesha kitu kingine. Kama picha yako ina jambo moja linalotendeka na kitu kimoja kilichotulia, umbo hili limekatwa kwa kipimo chake.

*Unapoharibika.* Kina kinapoanza kuongoza. Ubeti wa namna hii unauona kila masika:

Mvua inanyesha sana,
dirishani naiona,
kweli inapendezana …

Mshororo wa tatu haukuwa na kitu cha kusema, ulikuwa na -na ya kutafuta. "Inapendezana" si Kiswahili cha mtu yeyote. Kitenzi kimefungwa kiambishi ili kipate kina. Njia ya kulijua kosa hili ni kuufuta mshororo na kusoma uliobaki. Kama hakuna kilichopungua, ulikuwa kiraka.

Aliye Bagamoyo atakuta shida ya namna nyingine. "Kioo cha Bagamoyo" kina mizani 8 sawasawa, lakini sasa mishororo mingine miwili iishie kwa -yo, na maneno hayo si mengi: moyo, choyo, hiyo, huyo. "Moyo" litakuvuta kwenye mapenzi hata kama picha yako ni ya matone tu. Ni afadhali jina la mji likae katikati ya mshororo, au lisikae kabisa. Aliyekufuata anajua uko wapi.

*Unamfaa nani.* Anayeweka picha kwenye hali ya WhatsApp, ambako maneno hukaa chini ya picha na mishororo mifupi inasomeka kwa mpigo mmoja. Instagram angalia kitu kimoja: mshororo wa nne, ambao ndio uliobeba mgeuko, unaweza kufichwa. Ukiona hivyo, andika mishororo miwili miwili kwenye mstari mmoja, ukiitenganisha kwa mkwaju (/).

2. Tathnia ya mizani 16

*Inavyojengwa.* Mishororo 2 tu, kila mmoja mizani 16 iliyogawanywa katikati: nusu ya kwanza, ukwapi, mizani 8, nusu ya pili, utao, mizani 8. Vina viwili, cha kati na cha mwisho, na mishororo yote miwili inavishika vyote.

Umbo hili lina upana, kwa hiyo linataka picha yenye jambo la kuelezwa, si la kutendeka. Na picha yetu inalo, ila mpaka uikuze kwa vidole viwili. Ndani ya tone umo mwembe mzima, umepinduliwa. Tone la maji ni lenzi ndogo, linageuza kilicho nyuma yake juu chini. Si tone moja tu. Kila tone lenye ukubwa wa kutosha lina mwembe wake.

Matone ya dirishani, kila moja lina mwembe,
matawi yaenda chini, shina juu kama pembe.

Hesabu ukwapi wa kwanza: ma-to-ne ya di-ri-sha-ni, 8. Utao: ki-la mo-ja li-na mwe-mbe, 8, "mwembe" ni mizani 2, maana m hapa imeshikana na w. Wa pili: ma-ta-wi ya-e-nda chi-ni, 8, shi-na ju-u ka-ma pe-mbe, 8. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho -mbe.

*Inabeba nini.* Kitu ambacho mtazamaji hakukiona kwa mara ya kwanza. Mtu anapita juu ya picha, anasoma, anarudi kuikuza kuona kama ni kweli. Ndiyo nguvu yake. Tofauti na utenzi, haisogei. Imesimama na kuonyesha kidole.

*Inapoharibika.* Kwanza, inapotaja kisichokuwepo. Mwembe uliopinduka unaonekana tu kama simu ilikuwa karibu na kioo na imelenga tone. Picha iliyopigwa mita moja nyuma, yenye barabara iliyo kali na matone yaliyofifia, haina mwembe ndani ya tone, na tathnia hii chini yake ni uongo uliopimwa mizani. Kuza picha kabla ya kuandika.

Pili, skrini. Mshororo wa kwanza hapo juu una herufi 43, ukihesabu nafasi na mikato. Simu ikiukata baada ya "lina", neno "mwembe" linabaki peke yake kwenye mstari wa pili, kina kinapotea machoni, na shairi linaonekana kama maelezo yaliyokosewa. Suluhisho ni kuukata wewe mwenyewe, pale penye mkato:

Matone ya dirishani,
kila moja lina mwembe,
matawi yaenda chini,
shina juu kama pembe.

Sasa jicho linaona mistari minne yenye vina vya kupishana. Wapo wasomaji wa arudhi watakaosema umeligeuza umbo. Ukisoma kwa sauti hakuna kilichobadilika. Binafsi naona hii ndiyo namna bora ya kuiweka kwenye simu. Mishororo mipana ibaki kwa aliyeichapa picha kwenye karatasi.

Tatu, mshororo wa pili huwa unachoka. Mwandishi anatumia nguvu zote kwenye mshororo wa kwanza, kisha wa pili anautengeneza kwa kurudia wazo lile lile kwa maneno mengine. Kila nusu kati ya nne iwe na kitu chake. Hapo juu ni matone, mwembe, matawi, shina.

*Inamfaa nani.* Mwenye picha iliyopigwa karibu sana, na mwenye subira ya nusu saa. Ni kazi ngumu kuliko utenzi ingawa ina mishororo michache, kwa sababu vina vinabana sehemu mbili kwa wakati mmoja.

3. Shairi huru

*Linavyojengwa.* Hakuna vina vya lazima wala mizani ya kuhesabu. Kilichobaki ni mahali pa kukata mstari, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Ili kukata vizuri, inafaa kujua tone linafanya nini. Tone dogo linang'ang'ania kioo na halishuki. Mengine yanatua juu yake au kando, linajiunga nayo, linakua, na likifika uzito ambao kioo hakiwezi tena kuushika, linaanza kuteremka. Likiteremka linayameza yaliyo njiani, na nyuma yake linaacha mchirizi usio na matone, ambapo unaweza kuona ng'ambo. Hayo ni matukio manne yenye mpangilio wake, na shairi huru linaweza kuufuata mpangilio huo mstari kwa mstari:

Lilikaa.
Likameza majirani wawili,
likawa zito, likaondoka.
Katika mchirizi wake
gurudumu linaonekana.

Mstari wa kwanza una neno moja kwa sababu tone linakaa muda mrefu bila kufanya kitu. Wa tatu una vitenzi viwili kwa sababu uzito na kuondoka havitenganishwi. Wa nne unakatika kabla ya kusema kilichoonekana, ili jicho lisubiri.

Neno "tone" halimo. Kiambishi li- kinatosha, maana picha imeshalitaja. Hii ni faida ya Kiswahili isiyotumika vya kutosha kwenye maneno ya picha: ngeli inabeba jina, na nafasi inabaki kwa mambo mengine. Katika utenzi tulihitaji "tone moja" ili kutimiza mizani. Hapa hakuna kinacholazimisha.

*Linabeba nini.* Muda. Picha imegandisha nukta moja. Shairi huru linaweza kurudisha kilichotokea kabla yake.

*Linapoharibika.* Linapokuwa nathari iliyokatwakatwa. Jaribio ni kuliandika lote kwenye mstari mmoja kama ujumbe wa kawaida. "Leo nimekaa dirishani nikitazama mvua na kukumbuka mengi" ni sentensi moja, na hata ukiivunja mara tano itabaki sentensi moja yenye nafasi. Kosa la pili ni maneno ya hisia yaliyotangulizwa: upweke, majonzi, kumbukumbu. Kwenye picha ya mvua dirishani maneno hayo yamekwishatumika hadi hayana tena unyevu. Tone lililomeza majirani wawili linatosha. Anayetaka kuona upweke atauona.

*Linamfaa nani.* Anayetaka kuandika kwa lugha anayoongea, na anayejua kwamba wasomaji wake hawatatafuta vina. Kama miongoni mwao wako wazee waliokulia kwenye malumbano ya washairi, wajue mapema kwamba hili ni shairi huru na halikukusudiwa kuwa na vina, maana bila hivyo wataliita guni, na guni kwao si umbo, ni shairi lililoshindwa arudhi.

4. Msemo wa kanga

Mstari mmoja, kwa herufi kubwa, kama ulivyo kwenye kanga. Haufafanui picha, unaigeuza fumbo. Matone yanayogonga kioo yanakuwa mtu aliye nje:

HODI NIMEISIKIA, MLANGO SIUFUNGUI

Ho-di ni-me-i-si-ki-a ni 8. M-la-ngo si-u-fu-ngu-i ni 8. Ni mshororo kamili wa mizani 16, na ndiyo sababu unakaa mdomoni.

Unabeba ucheshi na ukali kwa pamoja, unaandikwa kwa dakika tano, na skrini haiusumbui sana, kwani hata ukikatwa penye mkato unabaki mzima. Unaharibika kwa njia moja, nayo ni kubwa: watu hawatausoma kama habari ya mvua. Msemo wa kanga umezoeleka kuwa ujumbe kwa mtu fulani, na kila mwenye jambo na wewe ataamini ni yeye. Jirani, wifi, mtu uliyeacha kupokea simu zake. Asubuhi utaulizwa kijembe kilikuwa cha nani. Kama huna wa kumpiga kijembe, chukua umbo jingine. Kama unaye, hakuna linalofaa kuliko hili.

Kosa linaloyakuta maumbo yote: ukungu wa kioo

Wengi hupenda kuandika kuhusu jina lililochorwa kwa kidole kwenye ukungu wa kioo. Mstari ni mzuri, lakini angalia kama ukungu huo ungeweza kuwepo. Mvuke hutua upande ambao hewa yake ni ya joto na yenye unyevu zaidi, juu ya kioo kilicho baridi. Katika chumba chenye kiyoyozi Tanga, kioo kinapoa kutoka ndani na unyevu wa nje unatua nje. Kidole chako kilicho ndani hakitachora kitu. Chumba kisicho na kiyoyozi na dirisha lililo wazi nusu, huenda ukungu usiwepo kabisa. Na dirisha la luva halina kioo kipana cha kuandikia jina la mtu, labda awe na jina fupi sana.

Ukungu wa ndani unaupata kwa urahisi kwenye gari au daladala: abiria wengi, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, pumzi za wote ndani, na maji yanakipoza kioo kutoka nje. Kama picha yako ni ya hapo, andika jina, tena ni picha tofauti kabisa na hii ya Ngamiani, maana ndani yake wamo watu.

Kuchagua kulingana na hali

Kama kamera imelenga tone na kuna kitu kimoja kinachotembea, anza na utenzi. Kama ukikuza picha unaona nyumba, mti au mtu amepinduka ndani ya matone, tathnia itakulipa subira yako, nawe ikate katikati kwa ajili ya simu.

Kama matone yamefifia na kilicho kikali ni barabara, muuza kahawa aliyejibanza kwenye baraza au watoto wanaooga mvua, mifano yote ya juu haikufai kama ilivyo. Shairi huru litakupa nafasi ya kueleza wanachofanya bila kuwalazimisha waishie kwa kina kimoja. Hata hapo usitaje mvua.

Kama una dakika tano na mvua inakaribia kukatika, andika mshororo mmoja wa mizani 8 na uishie hapo: "kwenye kioo cha Tanga" peke yake tayari ni maneno ya picha. Ubeti unaweza kuja kesho.

Kama picha inakwenda kwenye kundi la familia ambalo bibi na wajukuu wote wanasoma, utenzi husomwa kwa sauti na anayejua kusoma, na wengine husikiliza. Shairi huru husomwa kimya na kila mtu kwa wakati wake. Kama inakwenda kwa mtu mmoja tu, na ni mtu ambaye angeelewa, usisahau ule msemo wa kanga, ila ugeuze mwisho wake: HODI NIMEISIKIA, MLANGO NAUFUNGUA. Hesabu: m-la-ngo na-u-fu-ngu-a. Nane.